Dakika Tano na Nusu za Chungu

Chungu cha kupikia maharage kikifinyangwa Jumatatu kwenye miteremko ya mashariki ya Uluguru, hakiingii motoni kabla ya Jumatatu nyingine. Ukungu ukikaa sana, kinasubiri zaidi. Kipindi cha televisheni chenyewe hakisubiri. Kinataka mfinyanzi, udongo, moto, soko, mtangazaji anayetabasamu na muziki wa kufungia, vyote ndani ya dakika 5 na sekunde 30, na sekunde inayofuata tayari imenunuliwa na tangazo la sabuni. Kazi yangu ni kuwapatanisha hawa wawili juu ya karatasi. Karatasi hiyo ndiyo skripti, na ndugu zangu wanaamini ni kazi ya kukaa chini ya feni.

Skripti ya makala ya televisheni hugawanywa kwa mstari katikati. Kushoto unaandika kitakachoonekana, kulia kitakachosikika, na pembeni kabisa unaandika muda. Mwandishi aliyetoka gazetini utamjua mara moja: hujaza upande wa kulia mpaka chini, halafu akikumbuka kwamba kushoto ni jangwa anaandika "picha za mandhari" kila penye nafasi. Mandhari ni ile ile. Uluguru ni milima mizuri, nani asiyejua, lakini mtazamaji akionyeshwa kwa mara ya nne anaanza kuuliza mfinyanzi yuko wapi.

Mimi huanza na mgao wa muda. Sekunde 20 nilizitenga kwa mtangazaji wa studio, atakayetambulisha makala. Kisha sekunde 15 za picha tupu: mlima, njia, uwanja wa Bibi, bila neno. Mtangazaji wetu wa huko huko uwanjani nikampa sekunde 25. Kufinyanga, dakika moja na sekunde 20. Sekunde 20 nyingine za mtangazaji kuturusha kutoka udongo mbichi hadi mkavu. Moto, dakika moja na sekunde 20 pia. Soko, sekunde 40. Mtangazaji mbele ya moto, sekunde 30. Studio wafunge kwa sekunde 20. Ukijumlisha unapata sekunde 330 kamili, na ukisimama kidogo kuifurahia hesabu yako, umeshakosea, maana hakuna hata moja iliyotengwa kwa ajili ya kuku.

Halafu kuna maneno. Vitabu vya kazi hii vingi vimeandikwa kwa Kiingereza, na vinasema msomaji humaliza maneno matatu kwa sekunde. Mpe mtangazaji wa Kiswahili hesabu hiyo atakukimbilia akihema. Sentensi nzima ya mwenzetu sisi tunaifunga katika "hatukuwapikia", na mdomo una silabi za kulipa. Mimi nahesabu maneno mawili kwa sekunde, na penye maneno marefu napunguza tena. Kwa hiyo sekunde 20 za studio ni maneno 40, na niliyaandika hivi:

"Ukiwa Morogoro mjini, ukainua macho, unaiona Uluguru. Nyuma ya milima hiyo, njia ya Matombo, yupo bibi anayefinyanga vyungu kwa mikono mitupu, bila gurudumu wala tanuri. Mwenzangu alimfuata hadi uani kwake, akamkuta na udongo mkononi na hadithi nyingi kuliko udongo wenyewe."

Hesabu ukitaka. Neno la mwisho, "wenyewe", nimelipigia mstari kwa kalamu nyekundu, kwa sababu mtu aliyekaa kwenye mitambo ya studio analisubiri hilo ili arushe picha zetu. Mtangazaji wa studio akiongeza la kwake baada ya hapo, hata "basi twende", sauti yake inakatwa katikati na anaonekana kama aliyekabwa. Tumewahi kurusha "basi twe".

Tukaondoka mjini asubuhi, tukapita Bigwa, tukashika barabara ya Kiroka na Mkuyuni. Tulikuwa kwenye gari watu wanne: dereva, kameramani, mtangazaji na mimi mwenye karatasi. Upande huu wa milima ndio unaopokea upepo wa bahari. Mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi yanaugonga mlima, yanapanda, yanapoa, yanashusha mvua hapo hapo, ndiyo maana huku kuna migomba na mikarafuu, na upande wa magharibi ni mkavu zaidi. Maelezo haya yamo kwenye vitabu vya jiografia vya sekondari. Hayamo kwenye ratiba ya upigaji picha, ambayo ilisema: "Saa 4 asubuhi, jua."

Bibi alikuwa amekaa uani chini ya mwembe, miguu ameinyoosha, kanga mbili, udongo pembeni umefunikwa kwa majani ya mgomba usikauke. Mtangazaji wetu ni kijana wa heshima, amelelewa. Kamera ikawashwa, akatembea kutoka kwenye migomba kama skripti ilivyotaka, akafika, akapiga goti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Hamjambo huko mtokako?"

"Hatujambo, Bibi."

"Watoto hawajambo?"

"Sijaoa bado, Bibi."

"Hujaoa?" Bibi akaweka udongo chini. "Una miaka mingapi?"

Sekunde 25 zilikuwa zimekwisha tangu kwenye "hatujambo". Na huwezi kukata. Ukimkata bibi katikati ya salamu, nchi nzima itaona kijana kamkatiza mzee, na simu zitakazopigwa kituoni hazitakuwa za kuulizia vyungu. Dawa yake inajulikana. Salamu zote zimalizwe kabla ya kamera kuwashwa, pamoja na suala la ndoa, halafu zipigwe tena kwa mbali, kutoka kwenye migomba, watu wawili wakionekana wanashikana mikono na midomo inakwenda bila kusikika. Juu ya picha hiyo msimulizi anasema la kwake. Heshima imeonekana, sekunde zimebaki. Tatizo ni kwamba Bibi hakuona sababu ya kusalimiana mara ya pili na mtu aliyekwisha msalimia, akamuuliza kijana kama amesahau.

Tulipomaliza hilo nikamwomba ajitambulishe na aseme kidogo kuhusu kazi yake. Hapa inafaa mjue kwamba Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, Zanzibar walitutangulia kwa takriban miaka ishirini, na Bibi wakati huo alikuwa mtu mzima mwenye redio yake. Chombo chenye maiki, kwake, ni chombo cha salamu. Akakaa sawa, akakohoa, akaanza kuwasalimia. Alianza na wanawe wote waliopo Mbagala, akaja kwa dada yake wa Kinole, wajukuu wa Dodoma, mwenyekiti wa kitongoji, wifi yake "ingawa yeye anajua alichonifanyia", na kikundi cha kuweka na kukopa. Mwisho akasema ujumbe: tusisahauliane. Ilichukua dakika moja na kitu. Kameramani akanitazama kuuliza kama azime. Nikamkatalia kwa kichwa. Mtu akishatoa salamu zake zote anatulia, na ukimzuia atakuwa anazitafutia mwanya mchana kutwa, katikati ya udongo na katikati ya moto.

Sasa kufinyanga. Kama kuna mahali pa kupoteza muda kwa halali ni hapa, kwa hiyo nitapoteza.

Udongo wake unatoka bondeni, karibu na mto. Peke yake ni mtamu mno, unashikana, unavutika, lakini ukiukausha unasinyaa na kupasuka. Kwa hiyo anauchanganyia vigae vya vyungu vya zamani alivyovitwanga na kuvichekecha. Vigae vimekwisha pitia moto, havisinyai tena, vinaupa udongo mifupa, na vinaacha vinjia vidogo ambamo maji hutokea. Anakanda kwa kiganja mpaka kusiwe na kipovu cha hewa. Anaanza na donge, analitoboa katikati kwa ngumi, anavuta ukuta juu kwa vidole huku yeye ndiye anayezunguka chungu, ameinama, anarudi kinyumenyume. Ukuta ukifika mahali pa kuchoka anaongeza kamba ya udongo juu yake, anaibana, anasawazisha ndani kwa kipande cha kibuyu na nje kwa gunzi la mahindi. Kipande cha kibuyu kina mviringo wake, ndio unaolipa tumbo la chungu umbo. Mwisho analainisha kwa jiwe la mtoni ambalo limetumika mpaka linang'aa kama kipara.

Kamera moja haiwezi kuyaona yote haya kwa wakati mmoja, na dakika moja na sekunde 20 haiwezi kuyabeba. Kinachookoa ni zile picha za kuziba. Mpango wangu ulikuwa ukurasa mzima wa peke yake, na sehemu yake ilikuwa hivi:

PICHA: Mikono, karibu kabisa. Kidole gumba kinabana ukingo. Sekunde 10 bila kutikisika.
PICHA: Uso wa Bibi, anatazama chini. Sekunde 10.
PICHA: Kibuyu na gunzi vimelala chini. Mkono unaingia, unachukua.
PICHA: Nyayo za Bibi zikizunguka chungu.
SAUTI: Mkwaruzo wa gunzi. Maiki karibu, mtu yeyote asizungumze.

Uso ndio wenye thamani kuliko vyote, hata kama makala ni ya mikono. Tuseme kwenye picha moja ukuta wa chungu una urefu wa kiganja, na kwenye inayofuata umefika kwenye kiwiko. Ukiziunganisha moja kwa moja, chungu kinaruka kama kimeshtuliwa na mbwa. Weka uso wa Bibi katikati, sekunde tatu tu, mtazamaji anakubali kwamba wakati umepita. Kwenye uso hakuna chungu, kwa hiyo hakuna wa kupima. Nyayo zinafanya kazi hiyo hiyo. Kila kameramani anayajua haya, na kila kameramani akifika uwanjani anapenda machweo.

Tulikuwa tunakwenda vizuri. Chungu kimefika nusu, tukasimama tule, Bibi akatupikia magimbi. Tuliporudi chini ya mwembe Bibi alikuwa amebadilisha kanga. Majirani walikuwa wamempitia na kumwambia kuwa haiwezekani aonekane nchi nzima na zile za kushindia. Akavaa doti mpya, rangi ya machungwa, na mgongoni imeandikwa maneno makali ya kumsuta mtu. Kwa hiyo nilikuwa na nusu ya chini ya chungu iliyofinyangwa na bibi wa kanga za bluu, na nusu ya juu na bibi wa kanga za machungwa, na chungu ni kimoja. Kumwambia avue arudie za zamani ningeweza, kwa maneno ya adabu, kama wifi yake asingekuwa amekuja kutazama na kusimama pale pale mgongoni kwake, akiyasoma yale maneno.

Hapo ndipo unapoona faida ya picha za karibu. Mikono haina kanga. Nyayo hazina kanga. Nusu yote ya juu tuliifinyanga kwa vidole, kibuyu, gunzi, jiwe na visigino, na ukitazama makala ile leo utadhani ni mtindo wa kisanaa. Yupo mtu wa kituoni aliyenisifu kwa hilo. Nilimshukuru.

Katika kila makala ya namna hii lazima pia mtangazaji ajaribu kazi mwenyewe. Sijui nani alianzisha, lakini usipoiweka wakubwa wanaiulizia. Bibi akampa donge, akakaa, akakunja mikono ya shati. Kosa la wanaoanza ni lile lile kila mara: wanaogopa ukuta usianguke, kwa hiyo wanauacha mnene, na chini wanaacha mnene zaidi. Cha Bibi kilikuwa na ukuta wa unene wa kidole, sawasawa kutoka chini hadi juu. Cha kijana kilikuwa na kitako cha vidole vitatu, mdomo umeelekea Kisaki. Bibi alikitazama, akasema, "Kizuri. Kiweke pale." Pale palikuwa mbali na vingine. Muda mfupi baadaye tuliona kuku amekipenda.

Baada ya hapo tukafika kwenye sekunde 20 za kurukia. Huu ndio mshono mgumu wa makala za mafundi. Fundi wa chuma unaweza kumpiga picha asubuhi na jioni akawa na jembe. Mfinyanzi huwezi. Kwa hiyo unafanya kama wapishi wa televisheni, unakuta kingine kimeandaliwa. Nilimwomba Bibi wiki moja kabla, kwa simu ya mjukuu wake, afinyange vyungu viwili atuwekee. Alikuwa navyo, kivulini, vimegeuka rangi kutoka kahawia nzito hadi kijivu cha majivu. Alikichukua kimoja akakiweka shavuni. Kikiwa na maji ndani, hata kama kwa macho ni kikavu, kinakuwa baridi shavuni, kwa sababu maji yanayotoka yanachukua joto. Kikiwa hakina, kinakuwa na joto la hewa tu. Akatikisa kichwa, akakirudisha. Kile cha pili akakikubali.

Mtangazaji akasimama mbele ya kamera, chungu mikononi, Bibi pembeni yake, akaanza maneno yangu: "Na sasa, baada ya kazi ile ya subira tuliyoishuhudia, chungu chetu kimekwisha kauka vizuri..."

"Hicho si kile," akasema Bibi.

Tukasimamisha. Nikamweleza kwamba ni namna ya kusema tu, watazamaji wataelewa. Tukarudia. "Na sasa, baada ya kazi ile..."

"Mwanangu, hicho si kile. Kile bado kibichi, kiko pale. Hicho ni cha mteja wa Mkuyuni, na ameshatoa kianzio. Akiona kwenye TV mnasema mmekifinyanga nyinyi, mimi nitamwambia nini?"

Hakuna skripti inayoishinda hoja ya mteja aliyetoa kianzio. Nikakaa juu ya jiwe nikaandika upya, Bibi akiwa anasimamia: "Kile tulichokiona kikifinyangwa kitakaa kivulini wiki nzima. Hiki Bibi alikifinyanga kabla hatujaja. Hiki ndicho kinachoingia motoni leo." Maneno 17, na hata yakisomwa taratibu hayafiki sekunde 10. Yale ya kwanza, yaliyokuwa yanazungukazunguka ili mtazamaji asigundue kuwa chungu kimebadilishwa, yalikuwa yamekula zote 20. Nimekagua skripti zangu za nyuma tangu siku ile, za mpika sabuni na mchonga mitumbwi, na kila penye mruko niliouficha kuna maneno yaliyovimba hivyo hivyo. Sekunde 10 zilizobaki niliwapa wale wa salamu. Bibi alionekana akiwasalimia wa Mbagala na dada wa Kinole. Wifi hakufikiwa.

Ukungu ulikuja wakati huo. Haukushuka, ulitoka pembeni, ukaimeza migomba, ukafika mwembeni. Kwenye ratiba bado ilikuwa jua. Mtangazaji wa asubuhi alikuwa na kivuli kikali usoni. Huyu wa sasa alikuwa amefifia kama anatangaza kutoka ahera. Picha ya jua na picha ya ukungu haziunganiki hata ufanyeje, isipokuwa uwape watazamaji ukungu wenyewe ukiwa njiani. Nikamwambia kameramani aache kila kitu aupige ukungu unavyoingia, sekunde 15 nzima. Hiyo ikawa mandhari yetu, na mara hii ilikuwa na kazi ya kufanya.

Moto wa Bibi hauna tanuri. Kwanza vyungu vinapashwa: vinapinduliwa kuzunguka kijimoto kidogo, vinasogezwa karibu taratibu, mpaka mkono usiweze kuvigusa. Baadaye ndipo vinapangwa juu ya kuni, vinafunikwa kwa magome na majani makavu, moto mkubwa unawashwa. Huko kupasha hakuna cha kuonekana. Ni vyungu vimekaa. Mtangazaji alikuwa anatazama saa, kameramani anatazama mwanga unavyokwisha, na mimi kwenye karatasi nilikuwa nimeandika "miali mikubwa, sekunde 30".

"Bibi, hatuwezi kuanza ule mkubwa?"

"Nyinyi mnaweza. Chungu hakiwezi."

Sababu yake ni maji. Hata udongo uliopita kwenye mtihani wa shavu bado una maji kidogo yaliyojificha ndani ya ukuta. Ukiupasha polepole yanatoka kwa vile vinjia vya vigae. Ukiurukisha kwenye moto mkali yanageuka mvuke mara moja, mvuke unataka nafasi kubwa mno kuliko maji, na nafasi yenyewe hakuna. Kwenye ukuta mwembamba unaweza kubahatika. Kwenye kitako cha vidole vitatu, kilichofinyangwa siku hiyo hiyo, huwezi.

Nakitaja kitako hicho kwa sababu mtangazaji wetu, kwa mapenzi ya kazi ya mikono yake, alikuwa amekinyang'anya kuku chungu chake na kukichomeka kwenye rundo upande wa nyuma, akitaka kukionyesha kwenye zile sekunde 30 za mwisho. Hakumwambia mtu. Moto ukawashwa, ukashika, miali ikawa kama nilivyoiandika. Akasimama mbele yake, ukungu nyuma, uso una rangi ya dhahabu, picha nzuri kuliko zote za siku ile. Akaanza: "Hapa moto unafanya kazi yake kimyakimya..."

Sauti iliyofuata haikuwa ya kimya. Ilikuwa mlio mmoja mkavu, mzito, majivu yakaruka, na mtangazaji akatoka kwenye picha kwa upande wa kushoto bila kumaliza sentensi. Kameramani, Mungu ambariki, hakukimbia. Aliacha moto peke yake sekunde mbili, kisha akageuza polepole akamtafuta Bibi. Bibi hakucheka na hakushtuka. Alikuwa amenyoosha shingo anakitafuta kile cha mteja wa Mkuyuni.

Kilipotolewa na kupoa kiasi akakigonga kwa kifundo cha kidole mara tatu. Chungu kizima kinajibu kwa sauti inayobaki hewani kidogo. Chenye ufa, hata usioonekana, kinajibu kifupi, sauti inafia pale pale. Hiki kililia vizuri, ila kipande kilichoruka kilikuwa kimemega ukingo wa mdomo. Akatuonyesha, akataja bei yake, elfu sita, tukailipa kutoka kwenye fungu la chakula cha jioni. Kurudi mjini tulikula mahindi ya kuchoma Kiroka, mtangazaji akiwa wa pili kutoka mwisho kupewa.

Kwenye chumba cha kuhariri kazi ilikuwa nyepesi. Zile sekunde 30 za mtangazaji zikawa 12: maneno sita, mlio, moto, uso wa Bibi. Nilikuwa nimeandika sentensi mbili za kueleza namna ya kukipima chungu kilichoiva. Tukazifuta tukaweka kule kugonga mara tatu kwa kidole kama kulivyorekodiwa, na mtu yeyote aliyewahi kununua chungu sokoni Morogoro alielewa. Sekunde zilizookolewa tulizigawa kwenye picha za gunzi na kupasha.

Siku ya kurushwa, dakika chache kabla, simu ikaja kutoka studio. Mgeni wa kwanza, mtu wa mambo ya bima, amezungumza kupita kiasi, tunaomba mpunguze sekunde 40. Hili hutokea, na ndiyo maana skripti yangu huwa na kipande kimoja ambacho kinaweza kuchomolewa bila makala kuanguka, nacho nimekichorea mabano. Kinatakiwa kisitajwe kabla wala baada yake, kisiwe na mtu anayetambulishwa ndani yake, na sauti yake isiwe imepanda juu ya picha za jirani. Kwenye makala hii kipande hicho kilikuwa soko: Bibi na vyungu vyake siku ya gulio, wateja, bei, namba ya simu ya mjukuu. Kikachomolewa. Makala ikaenda safi, studio wakafunga kwa sekunde 20 zao, tangazo la sabuni likaingia kwa wakati.

Kilele cha Bondwa kina minara inayowarushia watu wa mjini mawimbi, lakini kijiji cha Bibi kiko mgongoni mwa mlima, kwa hiyo yeye aliiona kesho yake kwenye simu ya mjukuu. Akanipigia.

"Nimeiona. Mikono yangu imetokea vizuri. Lakini mmeonyesha kilichopasuka, bei hamkusema."

Nikamweleza kuhusu sekunde 40 na mtu wa bima. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama wanavyosikilizwa wagonjwa.

"Basi haidhuru. Kuna mtu wa Kihonda amepata namba kwa mwanangu wa Mbagala. Anataka chungu."

"Vizuri sana, Bibi!"

"Anataka kama kile cha yule kijana, kilichopinda mdomo. Cha kupandia maua. Nimemwambia elfu kumi, tena asubiri, kwa sababu kufinyanga vibaya namna ile kunakula udongo mwingi."